Nywele kati ya vijiti: unyevu kwanza, kisha umbali wa kurudisha, kisha kasi

*"Fundi, mimi ni mwalimu wa kemia hapa Tanga. Nachapa vibao vya kukaushia testitubu kwa printa ya 3D, Ender 3 ya kawaida, ile yenye mrija mweupe mrefu. Filamenti ni PETG, joto nyuzijoto 245. Kati ya kijiti na kijiti kunajaa nywele nyembamba kama utando wa buibui. Nimeongeza Retraction Distance kutoka 5 hadi 10 na kasi nikaweka 60. Nywele zimebaki, na sasa mashine inakwama katikati ya kazi. Nakosea wapi tena?"*

Mwalimu, kabla ya jambo lolote irudishe ile 10 iwe 5, na joto ulishushe hadi 235. La joto lina sababu inayozidi nywele. Kwenye Ender 3 ambayo haijabadilishwa kichwa, ule mrija mweupe wa PTFE unaingia ndani ya kichwa cha joto hadi unagusa nozeli. Mrija huo haupaswi kukaa juu ya nyuzijoto 240. Ukizidi hapo ncha yake huanza kuharibika pole pole, hubadilika rangi, husinyaa, na moshi wake si wa kuvuta, hasa katika chumba cha maabara chenye wanafunzi. Ncha ikishasinyaa inaacha nafasi kati yake na nozeli, plastiki inajikusanya humo, na hapo huzai nywele tu, unazaa pia huko kukwama unakokuona.

Sasa tuje kwenye nywele zenyewe. Nozeli inapomaliza kijiti kimoja na kukimbilia kingine, mota ya kusukuma filamenti imesimama, lakini ndani ya kichwa bado kuna shinikizo. Plastiki iliyoyeyuka imebanwa nyuma ya tundu la milimita 0.4, na filamenti iliyo ndani ya mrija imejipinda kidogo kama springi. Shinikizo hilo linaendelea kusukuma hata baada ya mota kutulia, na tone linalochuruzika ndilo linalovutwa hewani likawa unywele. Mrudisho, yaani kile skrini inachokiita `Retraction`, kazi yake ni moja: kuivuta filamenti nyuma kidogo ili shinikizo lile liondoke kabla nozeli haijaanza safari. Ukifungua faili lako la `G-code` utaona kila ruka ya kijiti hadi kijiti imeandikwa kwa mtindo huu:

```
G1 E-5.0 F2700
G0 X80 Y40 F9000
G1 E5.0 F2700
```

Mstari wa kwanza unavuta milimita 5 nyuma, wa pili unaruka, wa tatu unairudisha filamenti mahali pake. (Slaisa nyingine, yaani programu zinazoandika faili hilo, huandika jumla ya filamenti iliyokwisha kutumika badala ya tofauti, kwa hiyo usishangae ukikuta namba kubwa baada ya `E`.) Namba ya `F` ni milimita kwa dakika, hivyo 2700 ni sawa na milimita 45 kwa sekunde.

Ukielewa kwamba mrudisho unaondoa shinikizo tu, utaelewa pia kwa nini 10 haikukusaidia. Shinikizo likishafika sifuri, milimita za ziada hazina cha kuondoa. Plastiki iliyobaki nozelini inaweza kuendelea kudondoka kwa sababu nyingine mbili: ni nyepesi mno kwa kuzidi joto, au ina maji ndani yake. Maji hayo yakifika kwenye nyuzijoto 235 yanakuwa mvuke, mvuke unatanuka, nao unaisukuma plastiki nje bila kuijali mota imevuta umbali gani. Huwezi kuushinda mvuke kwa kuvuta filamenti.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza mtu ni unywele wenyewe ukoje. Ukiwa mnene kama uzi wa kushonea, umeanzia kwenye kidonge upande mmoja wa kijiti na kufika mzima upande wa pili, hilo ni shinikizo, na mrudisho ndio dawa. Ukiwa mwembamba kiasi kwamba unapeperuka ukiupuliza, na ziko nyingi katika kila tabaka kama manyoya, hilo mara nyingi ni unyevu au joto. Wewe umesema utando wa buibui, na unakaa Tanga, kilomita chache kutoka baharini, na PETG hunyonya unyevu wa hewa hata ikiwa imekaa tu kwenye kishikio chake. Nakuamini kabisa kwamba ulipofungua roli lilikuwa limefungwa vizuri. Mimi nimeshafungua roli jipya kutoka mfuko uliobanwa bila hewa nikalikuta limelowa tayari.

Usikisie, jaribu. Pandisha nozeli juu angalau milimita 50 kutoka kwenye meza, ipashe moto hadi 235, kisha tuma amri hizi kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa USB:

```
M83
G1 E50 F120
```

Mashine itasukuma milimita 50 za filamenti hewani taratibu. Wewe tega sikio karibu na kichwa. Filamenti kavu hutoka kimya, laini, inang'aa. Iliyolowa hutoa sauti ndogo kama kitunguu kinapoanza kuiva kwenye mafuta, na ukiutazama uzi unaotoka dhidi ya mwanga utaona viputo ndani yake, wakati mwingine hata moshi mwembamba mweupe wa mvuke. Mota ikishasimama, endelea kutazama. Kavu huchuruzika kidogo kisha ikatulia. Iliyolowa huendelea kudondoka na kudondoka.

Ikilia, ikaushe kwanza, na usiguse namba yoyote ya mrudisho mpaka imekauka. PETG inataka nyuzijoto 65 kwa muda wa saa 6 hivi. Oveni ya jikoni siishauri, hasa ya gesi, kwa sababu joto lake hupanda juu ya alama uliyoweka kabla ya kushuka tena, na PETG huanza kulainika karibu na nyuzijoto 80. Ukizidisha, utatoa roli ambalo nyuzi zake zimegandana. Kama huna kikaushio, meza ya mashine yako inatosha. Weka joto la meza 70, laza roli juu yake, lifunike kwa boksi la katoni lenye tundu dogo juu la kutolea mvuke, baada ya saa 3 ligeuze upande wa pili. Usiondoke nyumbani ukaiacha hivyo. Likishakauka, liweke kwenye ndoo ya mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli. Huku kwetu pwani roli la PETG lisilale nje ya ndoo.

Baada ya hapo, kabla ya kupima umbali wowote, kuna kipimo cha dakika mbili ambacho watu wengi hawakifanyi, na kwa mashine zenye mrija mrefu ndicho kinachomaliza ubishi. Mota yako iko pembeni ya fremu, nozeli iko mwisho wa mrija. Filamenti ina unene wa milimita 1.75 na tundu la mrija ni kama milimita 2, kwa hiyo mota inapovuta, milimita za mwanzo zinaishia kunyoosha filamenti iliyojikunja ndani ya mrija. Nozeli haijahisi lolote bado. Hasara hiyo ni ya kawaida, ndiyo inayofanya mashine za aina yako zihitaji milimita 4 hadi 6, wakati zile zenye mota juu ya kichwa chenyewe zinatosheka na nusu milimita hadi moja na nusu. Lakini ipo hasara nyingine isiyo ya kawaida, ya mrija wenyewe kucheza kwenye kibano chake.

Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari kwenye mrija pale unapoingia kwenye kibano, upande wa mota na upande wa kichwa. Kichwa kikiwa na moto, tuma:

```
M83
G1 E-5 F1500
G1 E5 F1500
```

Rudia mara kadhaa ukitazama mstari. Ukiuona unatoka na kuingia, hata kwa milimita moja, basi kila mrudisho wako unapungua kiasi hicho, na namba iliyo kwenye skrini si namba inayofika nozelini. Ubaya wa pili ni kwamba kila mrija unapoinuka unaacha pengo juu ya nozeli, plastiki inaingia humo, inaganda ukingoni, na siku moja inakuwa kizibo. Naona karibu hakika kwamba hilo, pamoja na joto la 245, ndilo linalokukwamisha.

Kuurekebisha si kazi kubwa, ila inafanywa kwa moto, kwa hiyo vaa glavu. Toa filamenti, vuta mrija nje, kata ncha yake kwa wembe mpya iwe imenyooka kabisa, si ya mshazari. Joto likiwa 200, legeza nozeli mzunguko mmoja huku umekishikilia kile kipande cha alumini kwa spana nyingine ili usivunje shingo yake. Sukuma mrija chini hadi ugote, inua ile pete ndogo ya kibano kwenda juu na uitie kile kibanio chake cha plastiki ili isishuke tena, kisha kaza nozeli. Nozeli inapopanda ule mzunguko mmoja inaibana ncha ya mrija, na pengo linaisha. Kama meno ya kibano yamelika na mrija bado unacheza, nunua kibano kipya. Ni kitu cha bei ndogo, hakuna sababu ya kupigana nacho.

Sasa ndipo tunapima umbali. Usitumie kibao chako kizima kwa jaribio. Chora minara miwili ya mraba, kila mmoja upana wa milimita 10 na urefu wa 20, umbali kati yao milimita 50. Kwa tabaka za 0.2 hiyo ni tabaka 100, na nozeli inavuka pengo angalau mara 100, hivyo hata kosa dogo litaonekana. Weka kasi ya mrudisho 25 na usiibadilishe mpaka tumalize umbali. Chapa kwa umbali wa 3, kisha 4, kisha 5, kisha 6, kila mmoja peke yake, na uandike namba kwenye mnara kwa kalamu kabla hujausahau.

Mimi nina mashine ya aina hiyohiyo, na PETG iliyokaushwa nikiichapa kwa 235 matokeo yalikuwa hivi. Kwa 3, nyuzi nene kutoka mnara hadi mnara karibu kila tabaka. Kwa 4, nyuzi nene ziliisha, zikabaki nywele chache zilizokatika katikati. Kwa 5, nywele mbili tatu kwenye mnara mzima, zinazotoka kwa kufuta na kidole. Kwa 6, nywele zilikuwa zilezile mbili tatu, lakini kwenye kona ambako nozeli inaanzia tabaka kulitokea vishimo vidogo, kwa sababu filamenti iliporudishwa haikufika kwa wakati na nozeli ilianza kutembea ikiwa tupu. Jibu basi ni 5, au hata 4.5 nilivyokuja kuona baadaye. Unachotafuta ni umbali mfupi kuliko yote unaofanya kazi. Pale kuongeza kunapoacha kupunguza nywele, rudi hatua moja na usimame hapo.

Kwa nini nasisitiza ufupi? Hesabu kijiti chako. Tuseme kina kipenyo cha milimita 6 na kimejaa. Tabaka moja ya 0.2 inahitaji plastiki ya milimita za ujazo 5.7 hivi, na hiyo ni kama milimita 2.4 tu za filamenti. Ukivuta milimita 10 kwa kila ruka, basi nukta ileile ya filamenti inapita kwenye meno ya gia mara nne kwenda nyuma na mara nne kurudi mbele kabla haijaingia kichwani. Meno yanaichimba kila mara. Mwisho inabaki na kishimo, gia inazunguka bila kushika, na wewe unaona mashine inachapa hewa. Fungua uangalie gia yako. Nina hakika utakuta vumbi na vipande vidogo vya plastiki kwenye meno. Visafishe kwa brashi ya meno kuukuu kabla ya jaribio lolote. Kwa milimita 5 nukta hiyo inavutwa mara mbili tu, na PETG inavumilia hivyo bila shida.

Tena, filamenti inapovutwa mbali, ncha yake laini inapanda hadi sehemu ya mrija iliyo baridi. Huko inavimba kidogo na kuganda, na inaposukumwa tena inasugua kuta. Mara moja si neno, lakini mara elfu tatu kwenye kibao kimoja chenye vijiti ishirini ni jambo lingine.

Kuhusu kasi, namba yako ya 60 huenda haijawahi kutekelezwa hata siku moja. Mashine nyingi za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na kikomo cha mota ya filamenti ndani ya fimwea, na kwa kawaida ni milimita 25 kwa sekunde. Slaisa inaweza kuandika 60, mashine inasoma 60, halafu inatekeleza 25 bila kukwambia. Tuma `M503`, utafute mstari unaoanza na `M203`, na usome namba iliyo baada ya `E`. Ikiwa ni 25 na unataka kujaribu zaidi, panua kikomo kisha uhifadhi:

```
M203 E50
M500
```

Ila kwa PETG sidhani kama utahitaji kwenda mbali. Ukishapata umbali wako, chapa minara ileile kwa 25, 35 na 45. Kasi ndogo mno inaipa plastiki muda wa kuchuruzika wakati mota bado inavuta, na utaona kidonge pale nozeli ilipoondokea. Kasi kubwa mno utaisikia kabla hujaiona: mota inagonga tak-tak, au gia inakwangua filamenti badala ya kuivuta, na hapo nywele zinarudi kwa sababu filamenti haikusogea. Kwangu 30 ilitosha, na 45 haikuongeza chochote ila vumbi kwenye gia. PLA ni ngumu zaidi na huikubali 45 bila malalamiko.

Wenzetu wenye mota juu ya kichwa wajue jambo moja. Kwa umbali wa milimita 0.8, mota haina nafasi ya kufikia kasi kubwa: ikiwa kichapuzi cha mrudisho ni 1000, kasi ya juu kabisa inayofikiwa katikati ya safari hiyo fupi ni kama 28, kisha inaanza kupunguza. Kubadilisha kasi kutoka 40 hadi 60 hapo hakuwezi kubadili kitu, na mtu anaweza kupoteza jioni nzima akilinganisha minara inayofanana.

Ukishaweka umbali na kasi, rudi kwenye joto mara moja ya mwisho. Shusha kwa hatua za 5 kutoka 235, na kila mara uvunje mnara kwa mikono. Nywele zitapungua kadiri unavyoshuka, lakini utafika mahali mnara unakatika kirahisi kati ya tabaka na tabaka, kwa mkato safi. Hapo umepita, panda hatua moja. Kwa vijiti vya testitubu jambo hili lina uzito wake, maana kijiti kisicho na nywele lakini kinachokatika mwanafunzi anapobonyeza testitubu hakina faida. PETG nyingi hutulia kati ya 230 na 235 kwenye mashine hii.

Kwenye slaisa angalia pia kasi ya kuruka, `Travel Speed`, iwe kama 150. Kadiri nozeli inavyovuka upesi ndivyo tone linavyokosa muda. Lakini kama vijiti vyako viko milimita 15 tu kutoka kimoja hadi kingine, usitegemee makubwa, kwa sababu mashine inaanza kupunguza mwendo kabla haijafikia kasi hiyo. Na hakikisha `Retraction Minimum Travel` ni ndogo kuliko pengo lako. Mtu akiwa ameiweka 20, basi kati ya vijiti vyako mrudisho haufanyiki kabisa, na kipimo chote cha minara ya mbali kitakudanganya.

Ukifanya haya yote bado utabaki na nywele mbili tatu, hiyo ndiyo tabia ya PETG. Zipitishie kwa haraka mashine ya hewa ya moto wanayotumia mafundi kubandulia rangi, ukiishika mbali kidogo, zitajikunja na kutoweka. Kiberiti kinaacha weusi, sikipendi.

Umbali na kasi utakavyovipata ni vya mashine yako, viandike kwenye fremu kwa kalamu ileile uliyochorea mrija. Joto ni la roli, liandike kwenye roli. Siku utakapofunga roli jipya na nywele zikarudi, sikiliza kwanza kama linalia, pima joto lake, na ile 5 usiiguse.